Barua kwa Mwende kuhusu ile kazi ya simu

South B, Nairobi

Mwende mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mama anakusalimu na anauliza mbona siku hizi hupiti hata kwa chai.

Barua pepe uliyonitumia Jumapili, ile ya kuomba kazi ya kuhudumia wateja kwa simu, nimeisoma mara mbili kwenye kompyuta, kisha nikaisoma tena kwenye simu nikiwa ndani ya matatu. Nilitaka kuiona kama atakavyoiona atakayeipokea. Nilipokuwa kiongozi wa timu kwenye kituo cha simu nilikaa wiki kadhaa nikisaidia kuchuja maombi ya wahudumu, na mengi tuliyafungua hivyo hivyo, kwenye simu, kati ya kazi moja na nyingine. Yako imechukua skrini tatu. Umeanza na shule ya msingi, ukaja kwenye kozi ya kompyuta, ukaeleza unavyopenda watu, na yale mambo matatu yaliyotajwa kwenye tangazo umeyabana kwenye mstari mmoja chini kabisa: "Ninachapa maneno 60 kwa dakika, niko tayari kufanya kazi wakati wowote, na ninajua Kiswahili, Kiingereza, Kikamba na Kifaransa."

Mstari huo ndio barua yenyewe, Mwende. Hayo mengine yatasomwa kwenye wasifu wako. Lakini jinsi ulivyouandika sasa utakuponza, kwa sababu kila ulichokidai humo wataketi nawe siku ya usaili wakipime.

Tuanze na hizo 60. Uliniambia ulizipata kule saiba, kwa jaribio la dakika moja, kwa maandishi uliyokuwa umeyarudia mara kadhaa. Waajiri wengi watakupa maandishi usiyowahi kuyaona, kwa muda mrefu zaidi, na watatoa makosa. Fanya hivi: chagua jaribio la dakika tano, chapa bila kurudia, kisha piga hesabu mwenyewe. Katika vipimo vingi "neno" moja ni herufi tano, nafasi zikihesabiwa pia. Tuseme umegonga mara 1,150. Gawanya kwa tano, unapata maneno 230. Ukiacha makosa 20 bila kuyasahihisha, zinabaki 210. Gawanya kwa dakika tano: maneno 42 kwa dakika. Hiyo ndiyo kasi halisi. Usahihi wako nao ni 1,130 kati ya 1,150, yaani asilimia 98. Mimi ningemchukua mtu wa 42 kwa usahihi huo kabla ya mtu wa 60 anayekosea nambari ya akaunti, kwa sababu tarakimu moja iliyopinda humrudisha mteja kwenye laini kesho akiwa amekasirika.

Kuna jambo hapa linalotuhusu sisi tunaochapa Kiswahili. Maneno yetu ni marefu. Chukua sentensi utakayoiandika kila siku: "Tutakutumia ujumbe mfupi baada ya dakika kumi." Ukihesabu kwa macho ni maneno saba, lakini ukiacha ile nukta ya mwisho, herufi na nafasi zake ni 45, yaani maneno tisa ya kipimo. Kwa hiyo jaribio linalohesabu maneno kwa nafasi tu litakupunja ukichapa Kiswahili, ilhali mikono yako imefanya kazi ile ile. Angalia jaribio lako linahesabu vipi kabla hujaandika tarakimu yoyote, na utaje kwamba ulichapa Kiswahili. Tena zima ule usahihishaji wa Kiingereza kwenye kompyuta ya saiba. Niliwahi kumwona msichana mwepesi sana akipoteza alama kwa sababu mashine ilikuwa inambadilishia maneno nyuma yake, na yeye macho yake yapo kwenye karatasi.

Sasa zamu. Hapa ndipo niliposhtuka, kwa sababu nakujua. "Wakati wowote" si kweli kwako. Wewe unashika Sabato, na tangu tukiwa kidato cha pili sijawahi kukuona ukigusa kazi Ijumaa jua likishatua. Ukiandika "wakati wowote", wiki ya kwanza tu msimamizi atakupanga Ijumaa jioni, nawe utalazimika kuchagua kati ya imani yako na kazi ambayo hata mshahara wake wa kwanza hujauona. Nimeona mtu akiachishwa kwa jambo hilo hilo, na kilichowakera wakubwa hakikuwa ibada. Walisema aliwaficha.

Tangazo linasema zamu ni tatu: saa 12 asubuhi hadi saa 8 mchana, saa 8 mchana hadi saa 4 usiku, na saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi. Nimezipanga dhidi ya Sabato yako. Ijumaa unaweza ile ya asubuhi tu, kwa kuwa ya mchana inavuka machweo. Jumamosi huwezi ya asubuhi wala ya mchana, ila ya saa 4 usiku unaingia bila shida, jua likiwa limeshatua. Jumapili uko huru kutwa na usiku. Mwende, unajua Jumamosi usiku na Jumapili ni saa ambazo wengine wanazikimbia? Kila mwezi tulikuwa tunabembelezana kuzijaza. Kwa hiyo taja kile usichoweza, na hapo hapo taja unachotoa badala yake. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, lakini haisemi iwe siku gani, basi ombi lako ni kwamba siku yako iangukie Jumamosi. Si ombi kubwa.

Na saa uziandike kwa namna mbili. Ratiba za vituo hivi huandikwa kwa mtindo wa 22:00, na mtu aliyezoea hivyo akiona "saa 4" peke yake anaweza kusoma saa kumi alfajiri au saa kumi jioni. Andika "saa 4 usiku (22:00)". Habari ya usafiri wa kurudi Umoja usiku usiitie kwenye barua. Iulize kwenye usaili, lakini uiulize kabla ya kutia sahihi, maana gari la kampuni mara nyingi lina mitaa linayofika na mitaa lisiyofika.

Lugha. Naomba ukifute Kifaransa. Najua ulilipia ile kozi ya jioni kwa jasho lako, lakini muhula mmoja haumtoshi mteja anayelalamika. Nakueleza haya kwa sababu yalinipata. Ombi langu la kwanza niliandika Kiarabu, kwa kuwa nimesoma madrasa na ninasoma maandishi yake vizuri. Siku ya usaili wakanipa hedseti, upande wa pili mzee akaanza kuzungumza Kiarabu cha kawaida cha nyumbani, na sikuweza kumjibu hata sentensi mbili. Kiswahili changu kilikuwa kizuri, ila baada ya pale hawakuniamini tena kwa lolote nililoandika. Niliumia sana, na nilikaa miezi mitano kabla ya kuomba tena.

Kwa kila lugha, sema kama unaiongea, unaiandika, au vyote. Kikamba unakiongea kama mama yako ila hukiandiki kwa haraka, sema hivyo hivyo. Mteja wa Kitui au Makueni akipiga simu usiku, kinachotakiwa ni kuongea. Kwenye Kiswahili ndipo uweke uzito, kwa sababu laini hii ni ya wateja wa Kenya na Tanzania na ndiyo maana wametaka barua iandikwe kwa Kiswahili. Wataisoma barua yako kama jaribio. Umeandika "kitambulisho yangu". Hapa Nairobi hakuna atakayegeuka, lakini mteja wa Morogoro atalisikia kosa hilo mara moja, na mhudumu anauliza nambari ya kitambulisho karibu kila simu. Ni "kitambulisho changu". Yeye pia huenda akasema "namba" pale unaposema "nambari", na "kifurushi" pale unaposema "bando". Usimsahihishe, mfuate.

Nimekuandikia mfano. Tarakimu za kuchapa ni zile za hesabu yangu ya juu, kwa hiyo weka zako baada ya kujipima:

Mada: Ombi la kazi – Mhudumu wa wateja, laini ya Kiswahili

Kwa Msimamizi wa Ajira,

Ninaomba nafasi ya mhudumu wa wateja iliyotangazwa wiki hii. Nimehudumia wateja ana kwa ana kwa miaka miwili katika duka la M-Pesa, Umoja.

Kuchapa: maneno 42 kwa dakika baada ya kutoa makosa, usahihi asilimia 98, jaribio la dakika tano kwa Kiswahili.

Zamu: ninaweza zamu zote tatu, Jumapili hadi Alhamisi, na Ijumaa hadi saa 8 mchana (14:00). Kwa sababu ya ibada sifanyi kazi kuanzia machweo ya Ijumaa hadi machweo ya Jumamosi. Niko tayari kuchukua zamu za Jumamosi kuanzia saa 4 usiku (22:00) na za Jumapili kila wiki.

Lugha: Kiswahili na Kiingereza, kuongea na kuandika. Kikamba, kuongea.

Niko tayari kupimwa kwa simu au ofisini siku yoyote isipokuwa Jumamosi. Wasifu wangu umeambatishwa.

Wako mwaminifu,

Kisha jina lako na nambari ya simu inayopatikana, basi. Wasifu utume kwa PDF, na faili uliite kwa jina lako. Ile iliyoitwa "wasifu mpya 3" nimekurudishia. Usiongeze kitu kuhusu kupenda watu. Miaka miwili dukani imeshasema.

Mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa. Jipime kesho saiba ikiwa tulivu asubuhi, mara tatu, na uchukue ile tarakimu ya katikati, si ile ya juu. Halafu Jumatano jioni nipigie. Nitajifanya mteja wa Dodoma aliyetuma pesa kwa nambari isiyo yake, nawe uniulize maswali huku unachapa maelezo yangu. Kuchapa huku unasikiliza ni kazi tofauti kabisa na kuchapa kutoka kwenye karatasi, na hilo hatujalifanyia mazoezi hata mara moja.

Nisalimie watoto, na umwambie mama yako zile ndizi zilifika salama.

Rafiki yako,
Halima