Barua ya rufaa itaje kliniki, isiishie kwenye idara

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niongee na wasomaji, na hasa madaktari wanaoandika rufaa, kuhusu jambo lililotupotezea siku nzima mimi na mama yangu.

Mama alitokwa na uvimbe sehemu ya mbele ya shingo. Daktari wa kituo tunachotibiwa alimpima, akatupa barua ya kwenda hospitali ya rufaa. Juu aliandika "Idara ya Upasuaji", na chini yake: "Tafadhali mwone mgonjwa huyu mwenye uvimbe shingoni kwa uchunguzi zaidi." Akagonga muhuri, akatia sahihi.

Tulifika asubuhi na mapema, tukauliza getini, mlinzi akatuonyesha jengo la upasuaji. Mama alipanda ngazi akipumzika kila baada ya hatua chache. Ghorofa ya pili tukakutana na muuguzi, akaisoma barua na kusema kwa upole, "Mama yangu, huku ni wodi na vyumba vya upasuaji. Ukija na rufaa unaanzia kliniki, kule jengo la wagonjwa wa nje." Tukashuka. Huko tukapanga foleni ya usajili, mama akafunguliwa faili, kisha karani wa kliniki ya upasuaji wa jumla akatutolea jibu la siku: hospitalini hapo uvimbe wa shingo huonwa na madaktari wa masikio, pua na koo, na kliniki yao ilikuwa kesho kutwa.

Mlinzi hakukosea, maana alijibu kile tulichomuuliza. Tatizo ni kwamba idara si mahali pamoja. Idara moja inaweza kuwa na wodi katika jengo moja, ofisi katika jingine, na kliniki zake zikafanyika jengo la tatu, kwa siku maalumu tu za wiki. Anayeambiwa idara peke yake amepewa jina la ukoo, hajapewa nyumba.

Uvimbe wa shingo ni mfano mzuri wa jinsi mtu anavyopotea. Ukiwa ni wa tezi ya shingo, hospitali moja itaupeleka upasuaji wa jumla, nyingine kwa madaktari wa masikio, pua na koo. Na ikiwa kinachosumbua zaidi ni homoni za tezi hiyo kuzidi au kupungua, mgonjwa anaweza kuanzia kwa daktari wa magonjwa ya ndani au wa homoni. Uvimbe ni ule ule, milango ni mitatu, na mgonjwa hawezi kuukisia ulio wake kwa kutazama vibao ukutani.

Siku ya pili nilifanya nilichopaswa kufanya mwanzo. Nilipiga simu mapokezi ya hospitali, nikasoma barua neno kwa neno, pamoja na sababu ya rufaa, kisha nikauliza: kliniki gani inapokea tatizo hili, siku zipi, usajili unafungwa saa ngapi, jengo lipi, ghorofa ya ngapi, chumba namba ngapi. Nikauliza pia kama jengo hilo lina jina jingine, kwa sababu majengo hubadilishwa majina na watu wakaendelea kutumia la zamani. Majibu yote niliyaandika kwenye karatasi. Barua yenyewe niliipiga picha, kwani mara nyingi ya asili hubaki kwenye faili, na ukitumwa dirisha jingine huna cha kuonyesha. Tulipofika getini sikutaja ugonjwa wala idara. Nilitaja jengo na chumba, na dakika chache baadaye mama alikuwa amekaa kwenye benchi sahihi.

Haya ni kwa mgonjwa anayeweza kusubiri. Mwenye uvimbe wa shingo akianza kupumua kwa shida, kukoroma akivuta hewa, au kushindwa kumeza hata mate, asitafute kliniki wala kuuliza siku. Apelekwe moja kwa moja idara ya dharura, saa yoyote, barua iwepo isiwepo.

Kwa madaktari wanaotuandikia ombi langu ni dogo. Kabla ya kutia sahihi, ulizeni hospitali mnakotupeleka ni kliniki ipi inaona tatizo hilo, mwandike jina la kliniki na siku zake, na muweke namba yenu ya simu ili karani akikwama awapigie ninyi badala ya kumrudisha mgonjwa. Nazo hospitali za rufaa zivipelekee vituo orodha ya kliniki zao, yenye siku, jengo na chumba, na kila kliniki inapohama orodha nyingine itumwe. Kliniki tuliyoitafuta ilikuwa imehama, na kibao chake bado kinaning'inia kwenye mlango wa zamani.

Msomaji wako