Barua ya fundi wa mabasi: kutoka kurasa mbili za Kiswahili hadi ukurasa mmoja wa Kiingereza

Mteja akileta barua ya kuombea kazi ya nje, mara nyingi husema, "Nitafsirieni tu, nimeshaipunguza mwenyewe." Basi tueleze kwa nini tunamrudishia maswali kabla ya kumpa Kiingereza. Tutatumia barua ya fundi mmoja mzaliwa wa Arua, anayefanya kazi gereji moja hapa Kampala, aliyekuwa akiomba kazi ya karakana ya mabasi huko Qatar. Ametukubalia tuisimulie bila kumtaja jina.

Barua yake ilikuwa kurasa mbili. Tulipoifasiri yote kama ilivyo, ikakaribia kurasa tatu, naye akadhani tumeongeza maneno. Hatukuongeza hata moja. Kiswahili hufunga mambo mengi ndani ya kitenzi: "nimewafundisha" ni neno moja kwetu, Kiingereza kinataka manne. Kwa hiyo hata barua inayoenea ukurasa mmoja kwa Kiswahili huweza kumwagika hadi wa pili ikishafasiriwa. Ndiyo maana tunafasiri kwanza, halafu tunapunguza. Hatufanyi ujanja wa kushusha herufi hadi ukubwa wa 8. Tunabaki na 11 kwenye karatasi ya A4, na pembeni tunaacha nafasi ya kutosha, ili barua iwe na maneno kama 300 hivi.

Kilichotoka kwanza ni salamu na unyenyekevu. Alikuwa ameandika: "Kwa heshima na taadhima, mimi mtumishi wako mtiifu, naomba unipokee kwa moyo wa huruma." Kwetu hiyo ni adabu tupu. Ikifasiriwa neno kwa neno, msomaji wa Doha anaona mtu anayeomba msaada, wala haoni fundi. Vivyo hivyo aya nzima iliyoeleza kifo cha baba yake na karo za wadogo zake. Hapo alinyamaza kidogo, maana kwake ndiyo iliyokuwa sababu yenyewe ya kusafiri. Tulimwambia kwamba mwajiri anachagua anayeweza kushika spana, na shida za nyumbani hazimsaidii kuchagua. Heshima ikabaki kwenye anwani, kwenye sentensi ya kushukuru na kwenye kufunga barua.

Kisha yakaja maneno yenye maana nyingi. "Fundi" kwa Kiswahili anaweza kuwa mshona nguo, mjenzi, wa umeme au wa magari, na Kiingereza kina jina tofauti kwa kila mmoja.

"Kaka, fundi wa nini hasa?"

"Wa magari."

"Magari gani, na sehemu gani ya gari?"

Hapo ndipo barua ilipopata uzito. Mwanzo aliandika: "Nimefanya ufundi kwa bidii na uaminifu kwa miaka mingi katika gereji mbalimbali." Baada ya maswali, sentensi ya Kiingereza ilibeba maana hii: "Kwa miaka 7 nimetengeneza breki za upepo na klachi za mabasi, gereji niliyopo inahudumia mabasi 14, nami nawasimamia vijana 2." Bidii na uaminifu hatukuvitaja tena. Miaka saba na vijana wawili vinatosha kuvisema.

Saa nazo zina mtego. Aliandika kwamba anapatikana kwa simu "kuanzia saa nane". Kiingereza ni saa mbili mchana kwa hesabu yao, na mfasiri asiyekuwa makini angemwandikia nane, simu ikaja asubuhi akiwa chini ya basi. Bahati nzuri Kampala na Doha saa zao ni sawa, kwa hiyo hatukuhitaji hesabu nyingine. Tulimuuliza pia kama meneja aliyempandisha cheo ni mwanamume au mwanamke, kwa kuwa "yeye" yetu haisemi, na Kiingereza kinalazimisha kuchagua.

Kazi yetu inaishia hapo. Hatutafuti kazi wala hatuna mawakala. Wakala wa kazi za nje anatakiwa awe na leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, na ni vyema uione kabla ya kutoa hela. Hatuongezi ujuzi usio nao, na majina tunayaandika kama yalivyo kwenye pasipoti.

Mwisho tunamsomea mteja barua tena kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, maana kwenye usaili ataulizwa yaliyomo. Fundi wetu alitusimamisha kwenye aya ya pili. Tulikuwa tumeandika kwamba hutengeneza gia boksi.

"Hapana," akasema. "Gia boksi naishusha na kuipandisha tu. Anayeifungua ni mzee wetu."

Tukafuta, na ukurasa ukabaki na mstari mmoja mtupu.