Kuhusu hotuba yako ya mkutano mkuu

Mwenyekiti wangu,

Rasimu yako nimeisoma yote. Kurasa mbili za mwanzo zikate. Wanachama wameacha shughuli zao, na salamu za kuwashukuru wageni waalikwa zinatosha dakika moja. Anza na maazimio ya mkutano uliopita: lipi limetekelezwa, lipi limekwama, kwa nini. Usipoanza nayo wewe, atayaanzisha mwanachama, tena kwa hasira.

Penye kazi hasa ni ziada. Umeandika kwa fahari kwamba chama chenu cha akiba na mikopo kimepata ziada ya milioni 40, kisha ukurasa wa tisa mizania inaonyesha salio la benki limeongezeka milioni 4 tu. Huo mwanya ndio utakaokuletea kelele. Mtu atasimama aulize, "Mwenyekiti, hizo 36 ziko wapi?" Jibu unalo, ila umelificha kwenye jedwali. Liseme kwa mdomo: ziada 40, ongeza akiba mpya za wanachama 15, jumla 55. Mikopo tuliyotoa mwaka huu imezidi marejesho kwa 47, na riba ya milioni 4 tumeiandika kama mapato lakini wakopaji hawajailipa. Zinabaki 4, ndizo zilizoongezeka benki. Hakuna kilichopotea, fedha ziko mikononi mwa wanachama wenyewe.

Hapo hapo, kabla hawajapoa, eleza gawio. Masharti yenu yanataka asilimia 20 ya ziada iende akiba ya kisheria, yaani milioni 8, na watu wataona 32 zinazobaki ni za kugawana. Mkigawa zote leo mtachota akiba za watu, na mwezi ujao anayekuja kutoa zake ataambiwa asubiri. Kwa hiyo sema "bodi inapendekeza" gawio la kiasi fulani. Usiseme "tumeamua", maana mwenye kuamua ni mkutano, na wakongwe hawasamehi neno hilo.

Mikopo chechefu umeipa sentensi moja, tena ya kupaka mafuta. Gawa wadaiwa kwa muda waliochelewa: mwezi mmoja, miezi mitatu, zaidi ya mwaka. Mwenye mwezi mmoja pengine atalipa. Wa zaidi ya mwaka mmeshamtengea fedha za tahadhari. Majina usiyasome hadharani. Ila kama kati yao yumo mjumbe wa bodi, mwite leo, alipe au ajiuzulu kabla ya mkutano, maana ukumbini watu wanajua.

Taarifa ya kamati ya usimamizi waachie waisome wenyewe, hata pale inapokuuma. Ukiijibu kabla hawajamaliza, utaonekana una la kuficha.

Nitumie rasimu ya pili ikiwa na jedwali la fedha ukurasa wa kwanza.

Wako wa siku zote