Leseni ya muziki huhesabiwa kwa siku video inapotoka, si siku ulipoihariri

Mteja wetu mmoja alituletea video 12 za mafunzo kwa mkupuo mmoja. Alizihariri mwenyewe, zikapendeza, na zote zilikuwa na muziki uleule laini unaopita chini ya sauti yake. Alitaka tuziweke kwenye ratiba zijirushe zenyewe, moja kila Jumanne, kuanzia 3 Machi. Siku mbili baadaye akapiga simu: "Dada, video si nimeshawapa zikiwa tayari? Mbona bado hamjaziingiza?"

Ana haki ya kuuliza, na wengi wenu mmewahi kutuuliza hivyohivyo. Jibu lake lilikuwa kwamba tulikuwa bado tunasoma leseni ya ule muziki, na tulikuwa tumeona jambo ambalo lingemharibia nusu ya pili ya mfululizo wake.

Muziki aliutoa kwenye huduma ya kulipia kwa mwezi. Leseni nyingi za namna hiyo zina sharti moja ambalo watu hulipita bila kuliona. Video uliyoichapisha wakati usajili wako uko hai hubaki halali hata ukiacha kulipa baadaye. Lakini usajili ukishakwisha, huruhusiwi kuchapisha video mpya yenye muziki huo, hata kama uliupakua zamani na umekaa kwenye kompyuta yako miezi mingi. Kinachohesabiwa ni siku ya kuchapisha.

Mteja wetu alikuwa amekwisha kusitisha usajili wake, kwa kuwa alijua kazi ya kuhariri imemalizika. Siku yake ya mwisho ilikuwa 15 Aprili. Tukachukua kalenda tukahesabu Jumanne zake: kuanzia 3 Machi hadi 14 Aprili zingetoka video 7, na hizo zisingekuwa na tatizo la tarehe. Zile 5 zilizobaki, za 21 na 28 Aprili, kisha 5, 12 na 19 Mei, zingetoka bila leseni. Na zingetoka zenyewe, hakuna mtu aliyebonyeza kitu, kwa sababu ratiba inajua saa na tarehe tu. Haijui kwamba malipo yamekoma.

Tulikuta na jambo la pili. Usajili ule ulikuwa wa chaneli yake binafsi, ilhali video zilikuwa zinakwenda kwenye chaneli ya biashara. Huduma nyingi hudai uiandikishe chaneli ndani ya akaunti yako, ndipo madai ya hakimiliki yaondolewe. Chaneli isiyoandikishwa huonekana kama ya mtu asiyelipa, hata kama risiti unayo mkononi.

Mtu anaweza kudhani kwamba YouTube itamwambia mapema kama kuna tatizo. Itamwambia, ila kwa sehemu tu. Mfumo wake wa Content ID hulinganisha sauti ya video yako na rekodi zilizowekwa na wenye haki. Mfumo ukipata mfanano, mwenye haki anaweza kuizuia video, kuchukua mapato ya matangazo yake, au kuiacha huku akifuatilia takwimu zake. Ukipinga dai hilo, mdai ana siku 30 za kukujibu, na mafunzo yanayotoka kila wiki hayawezi kungoja siku 30. Dai la namna hii si onyo la hakimiliki. Onyo huja pale mwenye haki anapoomba rasmi video iondolewe, na maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaweza kuifungisha chaneli nzima. Sasa fikiria video 5 zenye kibao kimoja, zimepangwa kwa zamu. Kosa moja linajirudia mara tano.

Kwa hiyo video za YouTube tunazipakia siku tatu kabla, zikiwa za faragha, na saa ya kutoka tunaiweka kwenye `publishAt`. Ukaguzi wa YouTube hufanyika zikiwa bado zimefichwa. Hata hivyo, ukaguzi ukipita bila dai, hatuuhesabu kuwa leseni. Rekodi mpya huongezwa kwenye Content ID kila wakati, na dai linaweza kuja video ikiwa imeshakaa hewani muda mrefu.

Kuna wanaotuambia, "Mimi natumia muziki wa bure, hamna haja ya kukagua." Huo ndio tunaousoma kwa makini zaidi. Chukua leseni ya Creative Commons iitwayo CC BY-ND 4.0. Inaruhusu kusambaza wimbo, hata kibiashara, mradi umtaje mwenyewe na usiubadilishe. Mtu huona hajakata hata sekunde moja, hivyo anaamini yuko salama. Kumbe maandishi ya leseni yenyewe yanasema kwamba muziki ukioanishwa kwa wakati na picha zinazotembea, hiyo tayari ni kazi mpya iliyotokana na ule wimbo, na ND, yaani sharti la kutobadilisha, hairuhusu kuisambaza. Wimbo wa CC BY-ND hauwezi kuwa muziki wa chini wa video yako, labda mwenyewe akupe ruhusa nyingine. Wenye NC, yaani sharti la kutotumia kibiashara, nao haufai kwa video ya biashara.

CC BY ya kawaida inafaa, ila unapaswa kutaja jina la wimbo, mtunzi, ulikoutoa na leseni yake. Hapo pia ratiba ina mtego wake: video moja ikirushwa kwenye mitandao mitatu, maelezo hufupishwa au kubadilishwa na kiolezo, na mistari hiyo inakuwa ya kwanza kupotea. Ndiyo maana tunaiandika pia ndani ya video yenyewe, sekunde za mwisho.

Kwa picha, tunachotafuta kwanza ni maneno `Editorial use only`. Picha yenye alama hiyo ni ya habari na maelezo; usiiweke kwenye jalada la video inayouza huduma, hata kama umeilipia.

Turudi kwa mteja wetu. Kubadilisha muziki kulishindikana, kwa sababu alituletea video zilizokwisha kuunganishwa sauti yake na muziki, na faili za uhariri alikuwa amezifuta. Kurusha zote 12 kabla ya 15 Aprili hakutaka, kwani wanafunzi wake wanahitaji wiki nzima kufanya mazoezi ya somo moja. Tukampigia hesabu ya kurefusha usajili. Mwezi mmoja ungemfikisha 15 Mei, na video ya 19 Mei ingemlazimu alipie mwezi wa pili kwa ajili ya siku nne tu. Video hiyo ya mwisho ilikuwa ya marudio, haina mazoezi, hivyo akakubali itoke Alhamisi 14 Mei, siku mbili baada ya video ya kumi na moja. Akalipia mwezi mmoja, akaiandikisha chaneli ya biashara, nasi tukaingiza ratiba jioni hiyohiyo.

Unapotuletea video, tunaomba pamoja nayo risiti au cheti cha leseni chenye jina la wimbo, jina la akaunti iliyolipa, na tarehe ya mwisho ya usajili. Picha ya ukurasa wa mbele wa tovuti ulikopakua haitusaidii. Na kama unahariri mwenyewe, tuhifadhie nakala yenye sauti yako peke yake, bila muziki.