Mbona pancha ya aliyekuja nyuma yangu imezibwa kwanza?

Hapa kibandani kwetu Ngamiani, Tanga, hazipiti siku nyingi bila mteja kununa. "Fundi, mie nimekuja mwanzo, yule kanikuta hapa!" Ni kweli kamkuta. Na tumempitisha makusudi.

Chukua asubuhi moja. Fundi ni mmoja, na saa 2 kamili zimepangwa baiskeli nne. Ya kwanza inataka sevisi nzima: kufungua ekseli, kuosha gololi, kupaka grisi. Hiyo ni dakika 90. Ya pili ni kunyoosha ringi, dakika 30. Ya tatu pancha, dakika 20. Ya nne ni mpira wa breki tu, dakika 10.

Tukifuata foleni, zinatoka baada ya dakika 90, 120, 140 na 150. Wastani ni dakika 125 kwa mteja, na mwenye breki amekaa masaa mawili na nusu kwa kazi ya dakika 10. Tukianza na fupi, zinatoka baada ya dakika 10, 30, 60 na 150. Wastani unashuka hadi dakika 62 na nusu, na fundi hakuongeza kasi hata kidogo: anamaliza saa 4:30 ile ile.

Sababu ni kwamba dakika za kazi iliyo mkononi zinangojwa na kila aliye nyuma yake. Sevisi ikitangulia, watu watatu wanabeba dakika zake 90. Breki ikitangulia, watatu wanabeba 10 tu. Popote ndefu ilipokaa mbele ya fupi, kuzibadilisha nafasi hupunguza wastani, mpaka zipangike zote toka fupi hadi ndefu.

Anayeumia ni mwenye sevisi. Pancha haziishi kuingia, na kila mpya inamruka. Mzee mmoja aliwahi kuacha baiskeli asubuhi, akaikuta magharibi vile vile, haijaguswa. Alikuwa na haki ya kufoka. Siku hizi tunaandika kwa chaki saa ya kuingia. Baiskeli ikitimiza masaa matatu haijaguswa, inapanda mbele hata iwe na kazi ndefu kiasi gani. Wastani unaharibika kidogo, tunaukubali. Na iliyokwisha kufunguliwa hatuiachi njiani, gololi hupotea.

Kinachotushinda zaidi ni kukadiria. Mteja husema "pancha tu", tukivua tairi tunakuta tyubu imechanika penye valvu na spoki mbili zimekatika. Hapo iliyoitwa fupi imeshakuwa ndefu, na wenzake wanangoja. Ndiyo maana kabla ya kukupanga tunazungusha gurudumu na kujaza upepo kwanza, wewe ukiwa umesimama hapo.

Kama yako ni sevisi, ilete jioni. Tunaifungua saa 12 asubuhi, kabla wenye pancha hawajaamka.