Umejaza uniti 5, mbona zimetoka 3.7?

Mteja akiona hesabu hiyo, wa kwanza kulaumiwa ni betri. Kama betri ni ya lithiamu na bado nzima, tunamwomba asubiri kwanza tufuate umeme wake hatua kwa hatua.

Tuchukue mfumo wa nyumbani wenye inveta ya kilowati 5. Mchana chaja iliyo ndani ya inveta inavuta uniti 5 kutoka LUKU. Katika kuugeuza umeme huo uweze kuingia kwenye betri, karibu uniti 0.3 zinaishia kuwa joto kwenye transista na koili. Betri inapokea 4.7 na kurudisha kama 4.5. Yaani betri yenyewe imekula 0.2 tu, kwa sababu ya ukinzani ulio ndani ya seli zake.

Usiku ndipo kuna mlaji ambaye watu hawamhesabu. Inveta ikiwa imewashwa, hata kama hakuna taa inayowaka, inahitaji umeme wa kujiendesha. Kwa inveta ya ukubwa huu, wati 50 ni jambo la kawaida. Zidisha kwa saa 12, unapata uniti 0.6, mara tatu ya ilichopoteza betri. Kugeuza kinachobaki kuwa umeme wa soketi kunachukua 0.2 nyingine na ushei. Ndiyo maana unabaki na 3.7, sawa na asilimia 74.

Kwa hiyo anayewasha taa za wati 40 tu usiku kucha kwa inveta ya kilowati 5 anailisha inveta kuliko taa. Huyo tunamshauri achukue inveta ndogo zaidi, wala asiongeze betri.

Uniti hizo 1.3 zote zimekuwa joto ndani ya chumba. Ukiifungia inveta kabatini, joto linakosa pa kutokea, feni inanguruma muda wote, na mwisho inveta inapunguza nguvu yenyewe ili isiungue. Iache ukutani, mapezi yake ya alumini yapate hewa juu na chini.

Kuna joto jingine ambalo si la kuvumilia, nalo ni la nati iliyolegea kwenye terminali ya betri. Ampea 80 zikipita kwenye kiungo chenye ukinzani wa miliomu 5, wati 32 zinawaka pale pale penye nati. Ampea zikishuka hadi 40, joto linabaki wati 8, kwani linafuata mraba wa mkondo. Dalili yake ni plastiki ya waya kubadilika rangi karibu na terminali, au harufu ya kuungua pasi au jiko la umeme linapowashwa. Ukiona hivyo, zima mfumo na umwite fundi. Usikaze nati umeme ukiwa unapita.

Ukitaka kupima mfumo wako, usitegemee skrini ya inveta peke yake, maana nyingi huhesabu umeme pale kwenye betri na kuacha nje kinacholiwa na inveta. Funga mita ndogo kabla ya inveta na nyingine baada yake, paneli za sola zikiwa zimezimwa. Chaji kwa LUKU mchana, tumia betri usiku, kisha linganisha baada ya wiki, betri ikiwa imejaa siku ya kuanza na siku ya kumaliza.