Sahihi ya ROA peke yake haizuii njia kuvuja

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita mliandika kwamba kampuni za intaneti za hapa Lubumbashi zikimaliza kuweka sahihi za ROA kwenye anwani zao huko AFRINIC, shirika linalogawa anwani za intaneti Afrika, tatizo la trafiki kupotezwa njia litakuwa limekwisha. Nashukuru gazeti kugusa jambo hili, na sahihi hizo naziunga mkono kabisa. Lakini makala ile ilichanganya mambo mawili, na la pili, yaani uvujaji wa njia, sahihi hazilizuii. Nalijua kwa sababu niliwahi kulisababisha kwa mikono yangu.

Nianze na lile ambalo mlilieleza vizuri, yaani utekaji wa anwani, mtandao mmoja kudai anwani za mwingine. Mitandao ya dunia hutangaziana njia kwa lugha iitwayo BGP: "Anwani hizi zinafikika kwangu." Ruta, mashine inayoelekeza trafiki, ikisikia tangazo hilo haina namna yake ya kujua kama ni kweli. Tena ikisikia matangazo mawili, la fungu kubwa na la fungu dogo lililomo ndani yake, hufuata lile dogo. Tarehe 24 Februari 2008, Pakistan Telecom ilitaka kuzuia YouTube ndani ya nchi yake. YouTube walikuwa wakitangaza 208.65.152.0/22, ambalo ni fungu la anwani 1,024. Pakistan wakatangaza 208.65.153.0/24, anwani 256 za ndani ya fungu hilohilo, na tangazo likawatoka hadi kwa mtoa huduma wao wa kimataifa, PCCW, ambaye aliupelekea ulimwengu bila kuuliza. Kuanzia saa 18:47 kwa saa za UTC hadi 21:01, PCCW alipoliondoa, sehemu kubwa ya dunia iliyotafuta YouTube ilipelekwa Pakistan.

Hapo cheti cha ROA kingesaidia. Mwenye anwani hutia sahihi kwamba fungu hili linaruhusiwa kuanzia kwenye mtandao wenye namba fulani, na lisigawanywe kupita kipimo fulani. Ruta ya PCCW ingelinganisha tangazo na cheti, ingeona namba ya Pakistan si namba iliyoandikwa, na ingelitupa. Lakini angalia swali linaloulizwa: njia inaishia kwa nani? Waliosimama katikati ya njia cheti hakiwaulizi.

Sasa nieleze yaliyotupata sisi. Kampuni ninayofanyia kazi ni ndogo, na tulikuwa tunaongeza mtoa huduma wa pili ili fiberi ya wa kwanza ikikatika wateja wasikae gizani. Jumamosi moja asubuhi nilifungua BGP na huyo wa pili. Kutoka kwa wa kwanza tulikuwa tunapokea njia zote za dunia, karibu milioni moja. Upande wa kutuma kwa wa pili sikuweka kichungi, yaani maagizo ya njia zipi zitoke na zipi zibaki. Ruta yetu ni ya zamani, na kwa ruta za namna hiyo kutokuweka kichungi ni sawa na kusema "tuma kila ulichonacho". Kwa hiyo tukamwambia mtoa huduma wa pili kwamba Google, benki na dunia nzima vinafikika kupitia kwetu.

Naye akakubali, na sababu ni ya kibiashara. Mtoa huduma hupanga ruta zake zipende njia ya mteja kuliko nyingine zote, maana kwenye njia hiyo yeye ndiye anayelipwa. Sisi tulikuwa wateja wake. Trafiki yake na ya wateja wake wengine ikageuka na kumiminika kwenye laini yetu ya megabiti 300.

Simu ya kwanza ilitoka kwa mama mwenye saiba kule Katuba. "Papa, WhatsApp inazunguka tu, wateja wananiondokea." Nilidhani fiberi imekatika upande wa Kasumbalesa, lakini taa za laini zote mbili zilikuwa zinawaka. Kilichonishtua ni grafu. Siku zote wateja wetu hupakua mara nyingi kuliko wanavyopakia, hivyo mstari wa kuingia huwa juu sana na wa kutoka chini. Asubuhi ile trafiki iliyoingia kutoka kwa mtoa huduma wa pili ilikuwa sawa kabisa na iliyokuwa ikitoka kwenda kwa wa kwanza. Tulikuwa tumegeuka barabara ya kupitia watu wengine. Nikafungua ukurasa wa umma unaoonyesha njia za BGP, nikatafuta Google. Namba zetu nimezibadilisha hapa, ya Google nimeiacha ilivyo:

```
64510 64500 64505 15169
```

Soma kutoka kulia. 15169 ni Google, 64505 ni mtoa huduma wetu wa kwanza, 64510 ni wa pili, na 64500 aliyekaa katikati yao ni sisi. Kampuni ndogo ya Lubumbashi haina kazi yoyote pale. Pembeni ya njia hiyo, ukurasa uliandika neno `valid`, yaani halali. Na ulisema kweli: mwisho wa njia ni Google, na cheti cha Google kinasema hivyohivyo. Sahihi zilikuwa zimekamilika wakati trafiki ya watu inakwama kwetu. Huu ndio uvujaji wa njia.

Haya yaliwahi kutokea pia kwa kiwango kikubwa hapa Afrika. Tarehe 12 Novemba 2018, MainOne ya Nigeria ilikosea vichungi vyake ilipokuwa ikiboresha mtandao. Njia za Google zaidi ya 200, ambazo ilizipata kwa kubadilishana trafiki na Google moja kwa moja, zikaenda hadi China Telecom, ambao walizikubali na kuzisambaza. Ilichukua dakika 74 kurekebishwa. Namba ya Google ilibaki mwisho wa njia muda wote.

Kinachozuia kosa kama langu ni kichungi, na kiwekwe pande zote mbili. Upande wetu nimeandika kwamba ruta itume anwani zetu tu, na hapa naonyesha fungu moja kati ya yetu:

```
ip prefix-list ZETU permit 203.0.113.0/24
neighbor 192.0.2.1 prefix-list ZETU out
```

Kisichotajwa hapo hakitoki. Lakini mteja anaweza kukosea tena, kwa hiyo mtoa huduma naye lazima awe na orodha ya anwani za kila mteja, na akatae kila kisichokuwemo. Juu yake aweke kikomo cha idadi. Mteja mwenye mafungu matatu akitangaza ghafla mafungu laki kadhaa, kikao cha BGP kijifunge chenyewe. Mtoa huduma wetu angekuwa na kikomo cha mafungu 20, kosa langu lisingedumu hata dakika moja. Tangu 2022 kuna pia kiwango cha RFC 9234, ambacho kwacho ruta mbili huambiana nani ni mteja na nani ni mtoa huduma, na njia iliyovuja hubeba alama ya kuitambulisha. Ruta yetu haikijui bado, ndiyo maana natilia mkazo orodha na kikomo, ambavyo hata ruta kuukuu inaviweza.

Kwa hiyo mwandishi wenu akirudi kwa kampuni hizi, asiishie kuuliza kama zimeweka sahihi. Aulize: mteja wenu akiwatangazia anwani za Google leo, ruta yenu itafanya nini?

Orodha yetu kamili ya anwani ina mistari mitatu. Niliituma kwa watoa huduma wetu wote wawili wiki ileile. Mmoja ameiweka. Wa pili, yuleyule aliyezipokea njia za dunia nzima kutoka kwetu, bado hajanijibu.

Fundi wa mitandao,
Kampemba, Lubumbashi